Sekunde Ishirini na Nane

Steshenari ya mama mdogo iko Mbagala, imebanwa kati ya duka la dawa na saluni. Ina kompyuta tatu, printa mbili, mashine moja ya fotokopi ambayo hulia kama mbuzi ikishapata moto, na benchi la wateja. Kwa miezi mingi ya mwaka inaishi kwa fotokopi na picha za pasipoti. Fedha yenyewe inakuja pale madirisha ya maombi ya vyuo yanapofunguliwa, ambapo vijana waliomaliza kidato cha sita hujaa na bahasha zao za vyeti, wengine na wazazi wao. Ada yangu ya shahada ya kwanza ilitoka kwenye benchi lile, na sehemu ya hii ya uzamili inatoka palepale. Kwa hiyo nikiandika kuhusu ruta yake siandiki kama mtu anayepita.

Duka lina laini mbili za intaneti. Ya kwanza ni faiba, inalipiwa kwa mwezi bila kikomo cha data. Ya pili ni modemu ya 4G yenye kadi ya simu, na hiyo hutumia bando. Katikati kuna ruta ndogo, Archer C7 iliyonunuliwa mtumba Kariakoo, iliyowekewa mfumo wa OpenWrt na programu inayoitwa `mwan3`. Kazi ya programu hiyo ni kutazama laini zote mbili, kutumia faiba ikiwa hai, na kuhamia 4G faiba inapokufa. Hiyo ndiyo sentensi ambayo fundi alimwambia mama mdogo, naye alimlipa kwa sababu yake.

Miezi miwili ya kwanza ruta haikuhama hata mara moja. Faiba ilikatika, mara saa mbili, mara asubuhi nzima, modemu ya 4G ikiwa imewaka pembeni bila kazi, na mama mdogo akawa anachomoa waya wa faiba kwa mkono ili ruta "ishtuke". Ilishtuka, naam. Ukichomoa waya ruta inaona upande wa pili uko kimya na inahama. Lakini faiba ya mtaani haifi kwa namna hiyo. Inakatwa na mchimba mtaro barabarani, au kifaa cha kampuni kinazima huko kituoni, huku kile kisanduku cheupe kilichopigiliwa ukutani kikiendelea kuwaka na waya wake kwenda kwenye ruta ukiwa mzima kabisa. Kwa ruta, jirani yake yupo na anaitikia salamu. Haina habari kwamba nyuma ya jirani hakuna barabara.

Ndiyo maana kuna uchunguzi wa afya. Ruta inatuma pakiti ndogo, ile ya `ping`, kwenda anwani fulani kupitia laini fulani, na kusubiri irudi. Ikirudi, laini ni nzima. Swali zima liko kwenye anwani unayoichagua. Nilipofungua faili la ruta ya mama mdogo nilikuta historia yake imeachwa kwenye alama ya `#`: mwanzoni anwani iliyochunguzwa ilikuwa `192.168.1.1`. Hiyo ni anwani ya kisanduku cheupe chenyewe, mita moja na nusu kutoka kwenye ruta. Kilikuwa kinajibu wakati wote, usiku na mchana, faiba iwe hai au imezikwa. Ni sawa na kumuuliza mlinzi wa geti lako kama barabara ya Morogoro inapitika.

Fundi aliitwa, akarekebisha. Akaweka `8.8.8.8`, seva ya Google ambayo watu wengi huichunguza, na safari hii ruta ikaanza kuhama. Simlaumu kwa hilo, wengi wanaishia hapo, na kwa wiki kadhaa mama mdogo alimsifu kwa kila mtu. Tatizo lilikuwa kwenye saa. Aliweka uchunguzi kila sekunde 5, na akaamuru kwamba jibu moja likikosekana laini ihesabiwe imekufa, na jibu moja likirudi ihesabiwe imefufuka. Inasikika kama umakini.

Usiku wa mwisho wa awamu ya kwanza ya maombi, mwaka ule, kulikuwa na kijana na baba yake. Baba alikuwa ametoka Mkuranga na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, akamwambia mama mdogo, "Dada, nimekuachia huyu, mimi kompyuta siijui." Fomu ilikuwa na kurasa saba na viambatisho vitatu. Walipofika kwenye ukurasa wa viambatisho, mfumo wa chuo ukamtoa kijana nje na kumtaka aingie upya. Wakaingia. Ukawatoa tena. Upakiaji wa cheti cha kuzaliwa ulifika asilimia sitini, ukasimama, ukaanza moja. Hivyo hadi saa sita kasoro dakika moja, dirisha lilipofungwa. Mama mdogo alirudisha hela yao, akaongeza na nauli. Kijana aliomba awamu ya pili, na kozi aliyoitaka ilikuwa imeshajaa.

Kesho yake mama mdogo alinipigia. Hakusema shida ni nini, alisema tu, "Mwanangu, njoo uniangalizie hiki kidude, kinanitia aibu."

Kumbukumbu za ruta zilisema kila kitu. Ukiandika amri hii unaona kila mara programu ilipobadilisha mawazo:

```
logread | grep mwan3
```

Kati ya saa tatu na saa sita usiku ule ruta ilihama kutoka faiba kwenda 4G na kurudi zaidi ya mara sitini. Kila ilipohama, anwani ambayo mfumo wa chuo ulimwona nayo kijana ilibadilika, kwa sababu kampuni mbili za intaneti zina anwani tofauti. Mfumo ule ulichukulia anwani mpya kama mtu mpya, ukafunga kikao. Na faili lililokuwa njiani lilikufa, kwa sababu mazungumzo kati ya kompyuta na seva yamefungwa kwenye anwani mbili. Ukibadilisha moja katikati, seva haikujui tena.

Cha kuuma ni kwamba faiba haikukatika usiku ule. Nilikaa nikaipima: pakiti 1,000, moja kila sekunde, dakika kumi na saba hivi za kutazama namba zikipanda. Pakiti 20 hazikurudi. Asilimia mbili. Kwa kuvinjari, kupakua, hata kwa simu ya video, asilimia mbili inakera lakini inavumilika, kwani kompyuta yenyewe hutuma tena kilichopotea na mtumiaji hajui. Lakini ukichunguza kila sekunde 5 unafanya uchunguzi 17,280 kwa siku, na asilimia mbili ya hizo ni kama 345. Ruta iliyoamriwa kuamini pakiti moja itatangaza msiba mara 345 kwa siku kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekufa. Jioni, laini ikilemewa na watu waliorudi kutoka kazini, matangazo hayo yanarundikana pamoja.

Sasa dai kwamba zikosekane tatu mfululizo. Asilimia mbili ya asilimia mbili ya asilimia mbili ni nane kwenye milioni. Ukichunguza kila sekunde 10, yaani mara 8,640 kwa siku, kosa la namna hiyo linakuja kama mara moja kwa wiki mbili. Hesabu hii inadanganya kidogo, kwa sababu pakiti hazipotei kila moja kivyake. Zikianza kupotea hupotea kwa makundi. Ndiyo maana inasaidia kuwa na anwani ya pili ya kuuliza, ya kampuni nyingine, ili seva moja ya mbali ikinuna isichukuliwe kuwa laini yako ndiyo iliyokufa. Faili nililoliacha kwa upande wa faiba ni hili:

```
config interface 'wan'
	option enabled '1'
	list track_ip '8.8.8.8'
	list track_ip '1.1.1.1'
	option reliability '1'
	option count '1'
	option timeout '2'
	option interval '10'
	option failure_interval '3'
	option recovery_interval '10'
	option down '3'
	option up '12'
	list flush_conntrack 'disconnected'
```

Mstari wa `reliability` unasema jibu la anwani moja kati ya mbili linatosha. Ikijibu ya kwanza, ya pili haisumbuliwi kabisa. Zikikosa zote mbili, kila moja ikisubiriwa sekunde 2, hapo ndipo jaribio linahesabiwa limeshindwa, na ruta inaongeza kasi: badala ya kungoja sekunde 10 nyingine inauliza tena baada ya 3. Fuata saa. Faiba ikikatika mara tu baada ya jaribio lililofanikiwa, zinapita sekunde 10 kabla ruta haijauliza. Jaribio la kwanza linakula 4, kungoja 3, la pili 4, kungoja 3, la tatu 4. Jumla 28. Faiba ikikatika sekunde ileile ambayo jaribio linaanza, ondoa zile 10 za mwanzo, unabaki na 18. Kwa hiyo duka linakaa bila intaneti kati ya sekunde 18 na 28, kisha linahamia 4G.

Mama mdogo alipoambiwa hivyo alikunja uso. "Nusu dakika yote? Yule fundi yake ilikuwa inaruka hapohapo."

Na hapa ndipo nilipolazimika kukaa naye chini, kwenye benchi la wateja, kwa sababu alikuwa anauliza swali zuri kuliko wengi darasani kwetu. Kwa nini usihame mapema? Nilimwambia: mama, mkutano wa kompyuta na seva una uvumilivu wake. Laini ikikohoa sekunde nane, faili linalopakiwa linasimama, kompyuta inajaribu tena na tena kimyakimya, na laini ikirudi linaendelea pale lilipoishia. Mteja anaona mstari wa asilimia umeganda kidogo, basi. Ukihama ndani ya sekunde tano umeua faili ambalo lingepona lenyewe. Kuhama ni dawa yenye sumu, unainywa pale ambapo ugonjwa ni mkubwa kuliko sumu. Nilitazama kumbukumbu za wiki mbili na makohozi mengi ya laini ile yalikuwa chini ya sekunde kumi na mbili. Kukatika kwa kweli kulianzia dakika kadhaa na kuendelea. Katikati hapakuwa na kitu sana. Ndiyo maana nikaweka mpaka kwenye eneo lile tupu. Kwenye laini nyingine, yenye makohozi marefu zaidi, namba zangu hazifai, itabidi uangalie kumbukumbu zako.

Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo kinasubiri kama mtu mzima." Nikamwambia ndiyo.

Kurudi kwenye faiba ni habari nyingine, na hapo sikuona sababu ya haraka hata kidogo. Faiba iliyokatwa hairudi kama taa inayowashwa. Mafundi wa kampuni wanaunganisha, wanapima, wanachomoa, kisanduku kinaanza upya, kinapata mtandao dakika moja, kinaupoteza. Ukirudi mara tu unapopata jibu moja, umewachukua wateja waliotulia kwenye 4G na kuwatupa kwenye laini ambayo bado iko mikononi mwa mtu juu ya ngazi. `up` ya 12, kwa sekunde 10 kila moja, ni kama dakika mbili za majibu mfululizo. Likikosekana jibu katikati, hesabu inaanza sifuri. Gharama yake ni dakika mbili zaidi za bando. Nilimwuliza kama anaona ni ghali, akacheka.

Bando lenyewe lilikuwa hoja yake ya pili, na alikuwa na haki. Laini ya akiba nayo lazima ichunguzwe, la sivyo utagundua kwamba bando limeisha siku ile ile unayolihitaji. Lakini kila uchunguzi ni data. Pakiti moja ya `ping` ni baiti 84 kwenda na 84 kurudi, jumla 168. Ukichunguza kila sekunde 5, kama ilivyokuwa imewekwa, ni megabaiti karibu 2.9 kwa siku, 87 kwa mwezi, zinazoliwa na laini ambayo hakuna anayeitumia. Ukichunguza mara moja kwa dakika ni kama megabaiti 7 kwa mwezi. Laini ya akiba haihitaji kugunduliwa imekufa ndani ya nusu dakika, kwa hiyo upande wa 4G niliweka `interval` ya 60 na sikufikiria tena.

Mstari wa mwisho, ule wa `flush_conntrack`, ulinichukua jioni nzima. Ruta inakumbuka kila mazungumzo yanayopita ndani yake na laini yaliyoanzia, na `mwan3` inayaacha kwenye laini ileile hadi yaishe. Kwa kawaida hilo ni jema. Lakini faiba inapokufa huku kisanduku kikiwaka, mazungumzo ya zamani yanabaki yameelekezwa kwenye laini iliyokufa. Mengi yanajifia na kuanza upya. Kuna machache yasiyojifia, hasa programu za simu za sauti zinazotuma pakiti kila baada ya sekunde chache: kila pakiti inaihuisha kumbukumbu, kumbukumbu inaipeleka pakiti kwenye shimo, na programu inakaa bubu saa nzima wakati kurasa za tovuti zinafunguka vizuri pembeni yake. Kwa hiyo faiba inapotangazwa imekufa, ruta inafuta daftari lote. Inaporudi haifuti, mazungumzo yaliyoanzia 4G yaachwe yamalizie huko. Kijana aliye katikati ya kiambatisho chake asihamishwe mara mbili.

Siku ya kujaribu sikuchomoa ule waya ambao mama mdogo alizoea kuuchomoa, kwani ule hauthibitishi chochote. Nilichomoa uzi wenyewe wa faiba nyuma ya kisanduku, taratibu, na kuufunika kofia yake ili usiingie vumbi. Taa nyekundu ya `LOS` ikawaka. Waya wa kwenda kwenye ruta ulikuwa mzima. Mama mdogo alikuwa ameshika simu yenye saa. Sekunde 23 baadaye `mwan3 status` ilionyesha `wan` ni `offline`, na duka likawa kwenye 4G. Nikapiga `8.8.8.8`, ikajibu. Nikafungua tovuti, haikufunguka.

Hili nalo ni la kujua, maana linawapoteza wengi. Kompyuta hazitafuti tovuti kwa namba, zinaiuliza seva ya majina kwanza. Ruta ilikuwa bado inauliza seva ya majina ya kampuni ya faiba, na kampuni nyingi hazimjibu mtu anayeuliza kutoka mtandao wa kampuni nyingine. Intaneti ipo, majina hayapo, na mteja kwenye benchi anasema hakuna mtandao, naye hajakosea. Niliipa ruta seva za majina zilizo wazi kwa wote, `1.1.1.1` na `8.8.8.8` zilezile, na kuzima zile za kampuni kwa chaguo la `peerdns` la `0` kwenye laini zote mbili. Tukarudia. Safari hii sekunde 19, na tovuti ikafunguka.

Kuna ambalo uchunguzi huu hauoni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia. Siku kama ile laini zako mbili zinaweza kuwa za kampuni mbili tofauti na bado zikapita kwenye bahari ileile. Zaidi ya hapo, anwani kama `1.1.1.1` inatangazwa kutoka sehemu nyingi duniani, na jibu huweza kutoka kwenye mashine ya karibu wakati tovuti unayoihitaji iko ng'ambo ya mkato. Ruta itasema kila kitu kizima. Kinyume chake pia kinawezekana: anwani zote za uchunguzi zikanyamaza ilhali tovuti zilizo hapahapa nchini zinafikika. Kwa hali hiyo ya pili nilibadilisha `last_resort` kutoka `unreachable` kuwa `default`, ili ruta ikiamini laini zote zimekufa isifunge mlango, iendelee kupeleka pakiti kwa njia ya kawaida na kubahatisha. Kwa ile ya kwanza sina dawa ndani ya ruta ya mtumba.

Ombi la mwisho lilikuwa la mama mdogo mwenyewe. Alitaka kujua, bila kufungua kompyuta, duka liko kwenye laini ipi. Kuna faili linaloitwa `/etc/mwan3.user` ambalo huendeshwa kila laini inapobadilika hali, na nililitumia kuwasha taa ya USB ya ruta faiba inapokufa na kuizima inaporudi. Ameweka kipande cha karatasi juu ya ruta, kwa mwandiko wake: TAA IKIWAKA HAPA USIPAKIE VIDEO. Na msimu wa maombi alimfundisha msichana anayemsaidia dukani kwamba ukurasa ukiganda asibonyeze chochote, ahesabu kimoyomoyo hadi thelathini kwanza, ndipo atazame taa. Msichana anahesabu kwa sauti. Wateja wa kwenye benchi wakati mwingine wanamsaidia.

Umeme ndio haujakaa sawa. Ruta na kisanduku vyote vinakula volti 12, na betri niliyowafungia inavishikilia kama saa tatu, lakini kompyuta za mezani zinazima palepale. Mwezi ujao tunatafuta laptopu mbili za mtumba.